Sola ya kulipia kidogo kidogo: maswali kuhusu umeme wa siku, kifaa kujifunga, na siku kinapokuwa chako

Maswali haya yanahusu mikataba ya sola ambapo unachukua seti nzima (paneli, boksi lenye betri, taa, pengine redio au televisheni) kwa kutoa kianzio, kisha unalipa kwa siku, wiki au mwezi mpaka deni liishe. Mikataba hutofautiana. Pale inapotofautiana nimeeleza cha kutafuta kwenye karatasi yako kabla ya kusaini.

Nikilipia siku 7, nimenunua nini hasa?

Umenunua ruhusa ya kutumia kifaa kwa siku 7. Hujanunua umeme. Malalamiko mengi huanzia hapa, kwa sababu watu waliozoea luku au mita ya kujaza hudhani kuna kiasi cha umeme kilichowekwa ndani kinachopungua kadiri wanavyowasha taa. Kwenye sola ya nyumbani kinachopungua ni muda. Ukiwasha kila kitu usiku kucha au ukilala gizani kwa hiari yako, saa ya ndani ya boksi inaendelea kuhesabu, na baada ya siku 7 itafunga.

Mifumo mingi huhesabu siku kama saa 24 tangu malipo yalipoingia kwenye boksi. Ukiweka malipo saa 3 usiku, kitajifunga saa 3 usiku, katikati ya taarifa ya habari. Ukiweka malipo mapya kabla ya yale ya zamani kuisha, siku hujumlishwa na hupotezi kitu.

Kama sijanunua umeme, umeme wa siku unatoka wapi, na ni kiasi gani?

Unatoka juani, na kipimo chake kinawekwa na mambo mawili: paneli inaingiza kiasi gani mchana, na betri inaweza kubeba kiasi gani kwa ajili ya usiku. Hesabu ni rahisi, na mnunuzi yeyote anaweza kuifanya mbele ya muuzaji.

Tuchukue seti yenye paneli ya wati 50 na betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 12. Siku yenye jua zuri huwa na nguvu inayolingana na saa 5 hivi za jua kali, hata kama mwanga wenyewe ulikuwepo kwa saa 12. Wati 50 mara saa 5 ni wati-saa 250. Lakini joto la paneli, vumbi, nyaya na uchaji wenyewe hula karibu asilimia 30, kwa hiyo weka hesabu yako kwenye wati-saa 175. Hicho ndicho kinachoingia siku njema.

Betri nayo: 12.8 mara 12 ni karibu wati-saa 154. Boksi haliruhusu betri ikauke kabisa, maana ikikauka inakufa, na zaidi ya hapo si busara kupanga maisha juu ya tone la mwisho. Chukua asilimia 80, upate wati-saa 123 za usiku.

Sasa matumizi. Televisheni ya wati 16 kwa muda wa saa 4 inakula 64. Taa 3 za wati 2.5 kila moja kwa muda huohuo zinakula 30. Taa ya nje iliyopunguzwa mwanga hadi wati 1, usiku mzima wa saa 10, inakula 10. Jumla ya usiku ni 104. Mchana kuna redio ya wati 3 kwa saa 5, yaani 15, na simu janja 2 zinazochukua kama 18 kila moja, yaani 36. Jumla ya mchana ni 51. Siku nzima ni 155, na kilichoingia ni 175. Betri inatakiwa kutoa 104 usiku na inaweza kutoa 123. Seti hii inatosha nyumba hii, ila nafasi iliyobaki ni ndogo.

Utaona kwamba kitu kizito hapo ni televisheni, kinafuatiwa na simu. Watu huzima taa ili kuokoa umeme huku simu mbili zikichaji, na simu hizo mbili zinakula kuliko taa zote tatu za ndani.

Muuzaji aliahidi saa 4 za televisheni kila siku. Mbona siku za mawingu inazima mapema?

Kwa sababu ahadi ile ilipigiwa hesabu ya siku yenye jua. Tuendelee na nyumba ileile. Imeamka asubuhi ikiwa imetumia 104 kati ya 123, kwa hiyo betri ina akiba ya 19. Leo ni mawingu mazito, jua lililopatikana linalingana na saa 2 tu. Paneli inaingiza wati 50 mara 2, ni 100, toa upotevu, ibaki 70. Jumlisha akiba, una 89. Redio na simu za mchana zinachukua 51. Giza linapoingia kuna 38 tu.

Ukiwasha televisheni na taa zote, matumizi ni kama wati 24 na nusu kwa wakati mmoja. 38 hiyo itakwenda kwa muda wa saa moja na nusu, kisha giza. Ukiacha televisheni, taa za ndani pamoja na ile ya nje zinahitaji 40, na karibu usiku wote utapita salama. Uamuzi wa jioni hiyo ni mmoja tu, na unapaswa kufanywa kabla ya televisheni kuwashwa.

Kuna swali moja la kumuuliza muuzaji kuhusu yale masaa yaliyoandikwa kwenye bango: je, saa 4 za televisheni, saa 6 za taa na kuchaji simu ni vyote kwa pamoja, au ni kimoja ukiacha vingine? Akisita, mwambie apige hesabu kama ya hapo juu.

Na kama ukipungukiwa kila siku, hata siku za jua, usikimbilie kulaumu betri. Angalia paneli kwanza. Kivuli cha tawi moja kikilala juu ya kona ya paneli kuanzia saa 8 mchana kinaweza kukunyang'anya sehemu kubwa ya mchana wako, kwa sababu seli za paneli zimeunganishwa mfululizo na ile iliyofunikwa inawabana wenzake.

Je, kampuni inaweza kuniwekea kikomo cha umeme kwa siku?

Baadhi ya maboksi yanaweza. Yana mita ya ndani inayohesabu wati-saa, na mpango wa bei ya chini hupewa kikomo, mpango wa juu hupewa zaidi, kwa kifaa kilekile. Ukiwa na mpango wa namna hiyo, utaona umeme unakatika wakati betri bado inaonyesha imejaa, kisha unarudi kesho yake bila wewe kulipa kitu. Mkataba lazima uitaje namba hiyo. Mipango mingi ya sola ya nyumbani haina kikomo hiki. Kikomo chake ni jua na betri.

Taa zimezima usiku. Nitajuaje kama ni betri imeisha au ni malipo yameisha?

Hili ndilo swali lenye faida kuliko yote hapa, maana wengine hulipia siku mpya wakati tatizo ni mawingu, na wengine hungoja jua wakati siku zao ziliisha jana.

Boksi hukata umeme kwa sababu mbili zisizohusiana. Sababu ya kwanza ni ya kulinda betri: chaji ikishuka kufikia kiwango fulani, boksi linakata vifaa vyote. Sababu ya pili ni malipo. Kwa mtu aliyekaa gizani zote mbili zinafanana, lakini dalili zake ni tofauti.

Anza na kioo au taa ndogo za boksi. Mara nyingi kuna alama ya betri na alama nyingine ya malipo, iwe ni namba ya siku zilizobaki, picha ya kufuli, au taa ya rangi tofauti. Siku zikionyesha 0, jibu umelipata. Siku zikiwa zimebaki na alama ya betri iko chini kabisa, ni betri.

Boksi likiwa halina kioo, tazama lilivyozima. Betri dhaifu huacha dalili mapema: taa hufifia au televisheni huzima na kuwaka tena mara moja mbili. Kufungwa kwa malipo hukata vyote kwa mpigo, hata mchana wa jua kali. Kipimo cha mwisho ni asubuhi. Jua likiwa limepanda kwa saa moja au mbili na umeme ukarudi wenyewe, ilikuwa betri. Ukifika mchana paneli inachaji na hakuna kinachowaka, ni malipo, au ni hitilafu ya kumwita fundi.

Kuna sababu ya tatu inayosahaulika. Waya wa kifaa kimoja ukigusana, boksi hukata ili lisiungue. Chomoa kila kitu, subiri dakika chache, rudisha kimoja kimoja. Kile kinachozima vingine ndicho kibovu.

Boksi linajuaje kwamba nimelipa?

Kwa njia mbili. Maboksi yenye vitufe vya namba hupokea tokeni: unalipa kwa simu, unapata ujumbe wenye tarakimu kadhaa, unaziingiza. Tokeni imetengenezwa kwa ajili ya boksi lako peke yake na hutumika mara moja tu. Haitafungua la jirani, na ukiirudia haitaongeza siku. Boksi halihitaji mtandao, linahakiki tarakimu kwa siri iliyowekwa ndani yake kiwandani.

Aina nyingine ina laini ya simu ndani ya boksi. Malipo yakiingia, kampuni hutuma ujumbe moja kwa moja kwenye kifaa. Ni rahisi zaidi, mpaka siku mtandao unaposumbua.

Nimelipa na bado kimefungwa. Shida iko wapi?

Kama ni boksi la tokeni, angalia kwanza namba ya akaunti uliyoandika wakati wa kulipa. Tarakimu moja ikikosewa, malipo yanaweza kwenda kwa mteja mwingine, na yeye ndiye atakayepata siku. Pili, kama umelipa mara kadhaa na hukuingiza tokeni za nyuma, ziingize kwa mpangilio zilivyokuja. Kwenye mifumo mingine tokeni ya baadaye hufuta nguvu ya ile iliyotangulia. Tatu, usibahatishe tarakimu. Boksi nyingi zikiona makosa mengi mfululizo hufunga vitufe kwa muda, na utakuwa umejiongezea giza bure. Ujumbe ukipotea, kampuni inaweza kukutumia tokeni ileile tena bila hatari yoyote kwao, kwa hiyo usikubali kuambiwa ulipe upya.

Boksi la laini ya simu lisogeze dirishani au nje kidogo, mahali simu yenye mtandao huohuo inashika vizuri, kisha subiri dakika kadhaa. Kama betri imekwisha kabisa, boksi haliwezi kupokea ujumbe. Liache lichaji juani kwanza.

Na kuna lile la kiasi pungufu. Ukituma pesa isiyofika bei ya siku moja, mara nyingi inahifadhiwa kwenye akaunti ikisubiri nyongeza, bila tokeni kutolewa. Haijapotea, lakini hata taa haitawaka.

Kikiwa kimefungwa, nichomoe paneli?

Hapana, iache. Kwenye mifumo mingi kufungwa kunakata njia ya kutoa umeme tu. Paneli inaendelea kuchaji betri. Ukichomoa paneli ukaweka boksi kabatini kwa miezi miwili, saa yake na saketi za ndani zitaendelea kunyonya betri kidogo kidogo mpaka ishuke chini ya kiwango salama. Siku utakapopata pesa utalipia kifaa ambacho betri yake imeshaharibika, na mabishano ya dhamana yatakuwa marefu. Betri ya asidi ndiyo inayoumia zaidi kwa kukaa bila chaji.

Kufungua boksi ili kukwepa kufuli ni kosa la gharama. Mengi yana kifaa kinachoandika kwamba kifuniko kimefunguliwa, dhamana inafutika siku hiyohiyo, na deni linabaki palepale.

Siku nilizofungiwa zinahesabiwaje kwenye mkataba?

Hapa inafaa kutofautisha siku za kalenda na siku zilizolipiwa. Mkataba unaosema "siku 365" kwa kawaida una maana ya siku 365 zilizolipiwa. Siku uliyofungiwa haikupunguzii deni, na kwenye mikataba mingi haiongezi deni pia. Inasogeza mbele tu.

Tuseme mteja analipia siku 5 na kufungiwa siku 2, wiki baada ya wiki. Siku 365 kugawa kwa 5 ni wiki 73, yaani siku 511 za kalenda. Aliyetarajia kumaliza kwa mwaka atamaliza kwa karibu miezi 17. Hajatozwa zaidi, lakini kuna gharama nyingine: dhamana kwa kawaida huhesabiwa kwa kalenda, tangu siku ulipochukua kifaa, na haisimami wakati umefungiwa. Kadiri unavyochelewa, ndivyo sehemu kubwa ya malipo yako inavyofanyika bila ulinzi wa dhamana.

Tafuta kwenye mkataba vifungu viwili. Kimoja ni idadi ya siku za kufungiwa, za mfululizo au za jumla, zinazoipa kampuni haki ya kuja kuchukua kifaa. Kingine ni kama kuna adhabu au riba kwa kuchelewa. Kukiwa na riba, ile hesabu yangu ya juu si sahihi kwako, na bei uliyoambiwa siku ya kwanza siyo utakayolipa.

Nitasafiri mwezi mzima. Nifanye nini?

Wapigie kabla ya kuondoka. Mfumo wa kampuni hauoni safari, unaona mteja aliyeacha kulipa siku 30. Wengine hukubali kusimamisha akaunti kwa muda. Omba uthibitisho kwa ujumbe wa maandishi. Paneli ibaki imeunganishwa.

Kifaa kikiharibika kabla sijamaliza, niendelee kulipa?

Toa taarifa siku ileile na utunze namba ya malalamiko, kwa sababu siku zako zinaendelea kuisha wakati boksi liko kwa fundi. Haki inataka siku hizo zirudishwe kwenye akaunti yako baada ya matengenezo. Kampuni makini hufanya hivyo, ila wengi husubiri mteja aombe.

Kuhusu dhamana, viwango vya ubora vya kimataifa vya seti za sola za nyumbani vinataka isiyopungua miaka 2 kwa mfumo wenyewe na mwaka 1 kwa vifaa kama televisheni na redio. Linganisha na urefu wa mkataba wako. Mkataba wa miezi 36 wenye dhamana ya miezi 24 unamaanisha mwaka mzima wa kulipia kitu ambacho kikifa, hasara ni yako na deni bado linakusubiri. Kwa maoni yangu mkataba wa namna hiyo haufai kusainiwa mpaka dhamana ilingane na malipo, na mteja anayeuliza mapema huweza kuongezewa.

Ni lini hasa kifaa kinakuwa mali yangu?

Inategemea umesaini nini, na aina zipo tatu.

Iliyoenea zaidi ni ya kukodi mpaka umiliki: kifaa ni mali ya kampuni hadi senti ya mwisho ilipwe, ndipo umiliki unahamia kwako. Kabla ya hapo huwezi kukiuza, kukiweka rehani wala kukihamishia nyumba nyingine bila ruhusa. Ya pili ni mauzo ya mkopo: kifaa ni chako tangu siku ya kwanza, lakini kimewekwa kama dhamana ya deni, na kampuni ina haki ya kukifunga usipolipa. Ya tatu ni huduma tupu. Unalipia matumizi kila mwezi bila mwisho, kampuni inatengeneza kila kinachoharibika, na kifaa hakiwi chako hata ukilipa miaka 10. Si wizi, mradi ulielezwa. Ubaya ni pale mteja anapodhani yuko kwenye ya kwanza.

Tafuta sentensi inayosema umiliki "unahamia" lini. Kama haipo, omba iandikwe. Angalia pia kama kianzio kimo ndani ya bei yote au kiko pembeni, na kama utarudishiwa kianzio hicho ukirudisha kifaa.

Naweza kulipa deni lote mapema?

Mara nyingi ndiyo, na wengine hutoa punguzo. Muhimu ni kueleza kabla ya kutuma pesa kwamba unafunga deni. Ukituma tu fungu kubwa, mfumo unaweza kukupa siku nyingi za matumizi kwa bei ya kawaida, punguzo likapotea.

Nimelipa la mwisho. Nihakikishe vipi kwamba kimefunguliwa moja kwa moja?

Usidhani, hakikisha. Boksi halijui kitu kinachoitwa umiliki. Linajua amri mbili: kaa wazi kwa siku kadhaa, au kaa wazi daima. Malipo ya mwisho yanaweza kukuletea amri ya kwanza tu, kwa mfano siku 7, huku ile ya pili ikihitaji kutolewa na mtu ofisini au na hatua nyingine ya mfumo. Ukikaa ukifurahia, siku ya 8 taa zinazima na huna deni hata senti.

Kwa hiyo siku hiyohiyo omba salio la deni kwa maandishi. Linapaswa kuwa 0. Kama boksi ni la tokeni, omba tokeni ya kufungua moja kwa moja, ambayo ni tofauti na za kila wiki. Ukishaiingiza, angalia kioo: hesabu ya siku inapaswa kutoweka au kubadilika kuwa alama ambayo kijitabu chako kimeieleza. Kama boksi ni la laini, liweke penye mtandao mpaka alama hiyo ionekane. Kisha tunza tarehe ambayo siku zako za mwisho zingeisha, na uone kama taa zinawaka siku inayofuata. Televisheni iliyokuja na seti ijaribu pia, maana nyingine zina kufuli lake na zinahitaji kufunguliwa peke yake.

Omba hati ya kumaliza deni yenye jina lako, namba ya boksi na tarehe. Utaihitaji ukitaka kuuza, na utaihitaji zaidi ikiwa boksi litabadilishwa chini ya dhamana. Boksi la kubadilishia hutoka ghalani likiwa limefungwa kama la mteja mpya, na bila hati utaanza kuzungushwa kueleza kwamba ulishamaliza.

Nimemaliza, sasa wananipa televisheni kubwa kwa mkopo. Kuna shida?

Soma kinachofungwa ukichelewa. Mara nyingi mkopo wa pili unawekwa kwenye boksi lilelile, na tokeni ya kila wiki inarudi. Ukikosa kulipia televisheni, zinazima hata taa ambazo ni mali yako halali. Uliza kama kufuli linaweza kuwekwa kwenye televisheni peke yake. Jibu likiwa hapana, pima kama picha kubwa inastahili kuweka taa zako rehani. Na rudia ile hesabu ya wati: televisheni kubwa inaweza kutaka wati 30 au zaidi, na kwenye betri yetu ya mfano saa 4 zake peke yake ni 120 kati ya 123 ulizonazo.

Kampuni ikifunga biashara kabla sijamaliza?

Kisheria deni huwa halifi. Mtu mwingine huweza kulinunua na kuendelea kukusanya. Shida ya vitendo ni tokeni: bila mitambo inayozitengeneza, boksi litajifunga na hakuna wa kulifungua. Tunza ujumbe wote wa malipo. Ukisikia kampuni imeuzwa, usilipe namba mpya mpaka uthibitishiwe kwa njia ile uliyokuwa ukiitumia siku zote.

Kifaa kikishakuwa changu, betri ikichoka nafanyaje?

Betri ya lithiamu ya aina inayotumika kwenye maboksi haya hudumu miaka kadhaa, na kuchoka kwake utakujua: betri inajaa mapema mchana, kisha inaisha haraka jioni hata ukitumia kidogo. Kabla ya kununua nyingine uliza mambo mawili. Je, betri inauzwa peke yake, au ni lazima boksi zima? Na soketi za boksi ni za kawaida, au ni za umbo la kampuni hiyo tu? Boksi lenye soketi za pekee litakulazimisha kununua taa na betri kwao hata baada ya umiliki, na hilo ni vizuri ulitazame siku ya kwanza, kabla ya kutoa kianzio.